Sanamu, Nyumba na Sababu Nne za Aristoteli

Katika kitabu cha pili cha Fizikia, Aristoteli anapanga majibu yote yanayoweza kutolewa kwa swali "kwa nini?" katika mafungu manne. Mafungu hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa sababu nne. Aristoteli alizaliwa mwaka 384 KK katika mji wa Stagira, kaskazini mwa Ugiriki, akasoma na kufundisha Athene, akafariki mwaka 322 KK. Fizikia yake ni uchunguzi wa vitu vinavyobadilika: mimea, wanyama, mvua, nyota. Lakini anapotaka kueleweka vizuri, anageukia vitu viwili ambavyo kila Mgiriki alivipita njiani, yaani sanamu na nyumba.

Neno la Kigiriki linalotafsiriwa "sababu" ni aitia. Lilikuwa neno la lawama na la mahakama kabla halijawa la falsafa: liliuliza ni nani au ni nini cha kuwajibika kwa jambo lililotokea. Asili hiyo inafaa kukumbukwa, kwa sababu msomaji wa leo akisikia neno sababu hufikiria msukumo, kama jiwe lililorushwa likavunja kioo. Aristoteli hakukusudia jambo jembamba kiasi hicho. Kwake, chochote kinachopaswa kutajwa ili kitu kieleweke kimekuwaje kilivyo, kinawajibika kwa kitu hicho, na kwa hiyo ni sababu yake.

Sarufi ya Kiswahili inalionyesha jambo hili bila taabu. Sanamu imechongwa kwa marumaru. Imechongwa na fundi. Imechongwa kwa umbo la kijana aliyesimama. Imechongwa ili iwekwe juu ya kaburi. Sentensi hizo nne hazishindani. Anayesema "na fundi" hamkanushi anayesema "kwa marumaru". Kila mmoja anajibu swali lake, na mtu aliyepata jibu moja tu bado hajaielewa sanamu.

Sanamu hiyo ya kijana si ya kubuni. Imo katika Jumba la Taifa la Makumbusho ya Mambo ya Kale mjini Athene, na ilitoka Anavisos, katika wilaya ya Atika. Ilichongwa yapata mwaka 530 KK kwa marumaru ya kisiwa cha Paros, na ina kimo cha mita 1.94. Kijana amesimama wima, mikono imeshuka ubavuni, mguu wa kushoto umetangulia. Maandishi kwenye msingi unaohusishwa nayo yanamtaja marehemu kwa jina la Kroiso, aliyeuawa vitani, na kumtaka mpita njia asimame amwombolezee.

Sababu ya kwanza ni kile ambacho kitu kimetokana nacho na ambacho bado kimo ndani yake. Kwa sanamu ya Kroiso ni marumaru. Aristoteli alikiita kitu hiki hule, neno ambalo kwa Wagiriki wa kawaida lilikuwa na maana ya miti na mbao za kujengea. Yeye ndiye aliyelipa maana ya falsafa. Kwa Kiswahili neno lake la kitaalamu ni maada.

Maada haikai kimya tu ikingoja kuchongwa. Marumaru inaweka masharti yake. Wachongaji wa karne ya 6 KK waligonga tindo yenye ncha ikiwa imesimama karibu wima juu ya jiwe. Pigo la namna hiyo huponda chembe za marumaru hata chini ya uso unaoonekana, na baada ya jiwe kusuguliwa hubaki vidoa vyeupe kama michubuko. Fundi alilazimika kuacha nyama ya jiwe ya kutosha juu ya umbo alilolikusudia, kisha kuipunguza polepole. Marumaru pia hustahimili kubanwa kuliko kuvutwa. Mkono ulionyooshwa mbele bila kushikiliwa na kitu huvunjika kwa uzito wake wenyewe, na hiyo ni sababu moja ya mikono ya Kroiso kushuka ubavuni na kugusa mapaja. Shaba nyeusi, ambayo Aristoteli anaitaja mara nyingi anapozungumzia sanamu, haina udhaifu huo. Mchongaji wa shaba anaweza kumwonyesha mtu akirusha mkuki.

Sababu ya pili ni umbo, na hapa sanamu inaweza kupotosha. Kwa sanamu, umbo linaonekana kuwa sura ya nje tu, mistari ya mabega na magoti. Aristoteli anamaanisha zaidi ya hapo. Umbo ni kile kinachotajwa mtu anapoulizwa, "Hiki ni nini?" Mwenyewe anasisitiza kwamba mkono wa jiwe ni mkono kwa jina tu, kwa kuwa hauwezi kushika. Una sura ya mkono, lakini hauna umbo la mkono kwa maana yake kamili. Kwa hiyo umbo la sanamu ya Kroiso si umbo la mtu, bali ni umbo la mfano wa mtu: uwiano wa kichwa kwa kiwiliwili na wa kiwiliwili kwa miguu, unaomfanya mtazamaji amwone kijana badala ya nguzo. Aristoteli anatoa mfano wa muziki kwa jambo hilo hilo. Umbo la oktavu, anasema, ni uwiano wa 2 kwa 1, na uwiano hauna sura ya kuonekana kwa macho.

Nyumba inaliweka wazi zaidi. Nyumba za Ugiriki wa kale zinajulikana vizuri kutokana na Olintho, mji wa Kalkidiki, rasi ileile ilikokuwa Stagira. Filipo wa Makedonia aliubomoa mwaka 348 KK, Aristoteli akiwa na umri wa miaka 36 hivi, na wachimbuaji wa karne ya 20 walifukua humo misingi ya nyumba zaidi ya 100. Nyingi zilijengwa kwenye viwanja vya mraba vya mita 17 hivi kila upande. Chini kulikuwa na tabaka la mawe. Juu yake kuta za matofali mabichi, yaani udongo uliokaushwa juani bila kuchomwa. Kisha boriti za mbao, na juu kabisa vigae vya udongo wa kuchoma. Katikati palikuwa na ua, na upande wa kaskazini wa ua palikuwa na baraza refu lililotazama kusini. Jua la majira ya baridi, linalopita chini angani, liliingia mpaka ndani ya baraza. Jua la kiangazi lilipita juu, paa likatia kivuli.

Sasa mtu achukue mawe yaleyale, matofali yaleyale, boriti na vigae vilevile, avimwage penye kiwanja. Hakuna kilichopungua katika maada, lakini nyumba haipo. Kilichokosekana ni mpango wa vitu hivyo, kila kimoja mahali pake kwa kadiri ya kingine, na mpango huo ndio umbo la nyumba. Katika Metafizikia Aristoteli anatoa mfano mdogo unaotosha kuwa somo zima: kizingiti. Kipande kimoja cha mbao au jiwe kikilazwa chini ya mlango, ni kizingiti cha kukanyaga; kikiwekwa juu, ni cha kubeba ukuta. Kiswahili huviita vyote viwili kizingiti, lakini Kigiriki kina majina mawili, na tofauti yao haimo katika jiwe. Imo katika mahali tu. Kuwa kizingiti cha chini ni kulala hapo.

Mfano wa nyumba unafunua pia kwamba maada na umbo si mafungu mawili ya vitu duniani, moja hapa na jingine kule. Tofali ni maada ya ukuta. Lakini tofali lenyewe lina maada yake, udongo na makapi ya nafaka, na umbo lake, ule mraba uliotolewa na kibao cha fyatulio. Anayeuliza juu ya nyumba analiweka tofali upande wa maada. Anayeuliza juu ya tofali analikuta na pande zote mbili. Majina haya yanafuata swali lililoulizwa. Wasomaji wengi wanaokwama katika Metafizikia hukwama hapa, kwa kutaka kujua mara moja tu ni vitu gani ni maada na vipi ni umbo.

Sababu ya tatu ni pale badiliko lilipoanzia. Jibu la haraka ni fundi. Aristoteli hakatai, ila anauliza: ni kipi hasa katika fundi kinachowajibika? Anamtumia Polikleito, mchongaji mashuhuri wa karne ya 5 KK. Ni kweli kusema Polikleito amesababisha sanamu. Ni kweli pia kusema mtu ameisababisha, au hata kiumbe hai ameisababisha, kwa kuwa Polikleito ni vyote hivyo. Lakini hakuichonga kwa kuwa ni Polikleito, wala kwa kuwa ni mtu. Watu wengi hawawezi kuchonga. Aliichonga kwa kuwa ni mchongaji, na ni mchongaji kwa kuwa ana ufundi wa kuchonga. Sababu iliyo karibu kabisa, basi, ni ufundi wenyewe. Kwa nyumba ni vivyo hivyo: mtu anajenga kwa kuwa ni mwashi, na ni mwashi kwa ujuzi wa uashi.

Hoja hii inaweza kuonekana kama kukatakata maneno, lakini ina kazi. Inaeleza kwa nini wajenzi wawili wasiofahamiana hujenga nyumba zinazofanana, na kwa nini kujua jina la mchongaji hakumsaidii mtu kuelewa sanamu ilivyochongwa. Tena inafunga sababu ya tatu na ya pili pamoja, kwa sababu ufundi wa uashi ni umbo la nyumba likiwa katika akili ya mwashi. Umbo lililo akilini linahamia kwenye mawe kupitia mikono, timazi, kamba na mwiko.

Aristoteli anatofautisha pia mwashi na mwashi anayejenga. Mwashi aliyelala bado ni mwashi, na nyumba inaweza kubaki miaka mingi baada yake. Lakini mwashi anayejenga na nyumba inayojengwa huanza pamoja na kukoma pamoja. Mmoja hawezi kuwepo bila mwenzake. Anaongeza kwamba kukosekana kwa mtu nako kunaweza kuwajibika kwa jambo, kama nahodha anavyowajibika kwa chombo kuzama ikiwa hakuwepo mahali ambapo kuwepo kwake kungekiokoa.

Sababu ya nne ni lile ambalo kitu kiko kwa ajili yake. Sanamu ya Kroiso ilichongwa ili mpita njia asimame na kumkumbuka aliyekufa. Nyumba, kwa maneno ya Aristoteli katika kitabu chake juu ya roho, ni kinga ya kuzuia uharibifu unaoletwa na upepo, mvua na joto. Katika kurasa hizohizo anaeleza kwamba mmoja akiulizwa nyumba ni nini atasema ni kinga hiyo, mwingine atasema ni mawe, matofali na mbao, na wa tatu atasema ni umbo lililo katika mawe na mbao kwa ajili ya kinga hiyo. Mwanafizikia wa kweli, anasema, ni yule wa tatu.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kudhani kwamba lengo ni nguvu iliyo katika wakati ujao inayovuta mambo ya sasa. Nyumba ambayo haijajengwa haiwezi kuvuta jiwe. Kinachosukuma kazi ni sababu ya tatu, ufundi na mikono. Lengo linafanya kitu kingine: linaamua kipi kitafuata kipi na kwa nini. Aristoteli analieleza hili kwa ukuta, mwishoni mwa kitabu cha pili cha Fizikia, na hoja yake inastahili kufuatwa hatua kwa hatua.

Tuseme mtu anadai kwamba ukuta umekuja kuwa hivyo ulivyo kwa lazima ya maada tu. Mawe ni mazito, kwa hiyo yakashuka chini yakawa msingi. Udongo ni mwepesi kidogo, ukakaa juu ya mawe. Mbao ni nyepesi zaidi, zikakaa juu kabisa. Mpangilio unalingana na nyumba ya Olintho kabisa, na uzito wa vitu ni wa kweli. Hata hivyo maelezo hayo hayatoshi, na mwashi yeyote wa matofali mabichi anajua upungufu wake ulipo. Tofali bichi likikaa moja kwa moja ardhini hunyonya unyevu kutoka chini, na mvua ikitulia kando ya ukuta hulimumunya likarudi kuwa matope. Jiwe halifanyi hivyo. Jiwe liko chini kwa sababu ukuta unatakiwa kusimama, ukuta unatakiwa kusimama ili ubebe paa, na paa linatakiwa ili mvua isiingie. Ukitaka kinga, lazima upate ukuta imara. Ukitaka ukuta imara wa tofali bichi, lazima uweke jiwe chini. Lazima hii inaanzia kwenye lengo na kurudi nyuma hadi kwenye maada. Haianzii kwenye maada kwenda mbele.

Mtu anaweza kuipima hoja hii kwa kutazama nyumba ikiharibika. Kigae kimoja kikipasuka na kuachwa, maji hupenya hadi kichwa cha ukuta, matofali huanza kulainika, boriti hupoteza mahali pa kukalia, na chumba huporomoka. Uzito haukubadilika hata kidogo. Mawe bado ni mazito na mbao bado ni nyepesi, lakini nyumba imekwisha. Ndiyo maana wachimbuaji wa Olintho walikuta mistari ya mawe ya misingi, na kuta zenyewe karibu zote zimekuwa udongo. Tofali bichi lilikuwa na udhaifu mwingine: Kigiriki kilimwita mvunja nyumba "mchimba ukuta", maana mwizi aliweza kuutoboa. Lengo linaagiza maada, lakini maada iliyopatikana haitii kikamilifu.

Kisiwa cha Naksos kina ushahidi wa kazi iliyokatizwa. Karibu na Apolona, ndani ya chimbo la mawe, imelala sanamu ya marumaru yenye urefu wa zaidi ya mita 10, kichwa na mwili vikiwa vimetokeza kwa ugumu tu kutoka kwenye mwamba. Mahali pengine kisiwani humo, huko Flerio, imelala nyingine ndogo kuliko hiyo, na mguu wake umevunjika. Katika sanamu hizi maada ipo yote. Umbo lipo nusu. Ufundi ulikuwepo na alama za tindo bado zinaonekana, lakini mchongaji anayechonga ameondoka. Lengo halikufikiwa kamwe, ila bado ndilo linaloeleza kwa nini mwamba umekatwa hapa na si pale. Bila kutaja sanamu iliyokusudiwa, mikato ile haielezeki.

Kwa Kiarabu, sababu hizi nne zilijulikana kama za maada, za sura, za mtendaji na za ghaya. Is-haq bin Hunain aliifasiri Fizikia kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9, na Ibn Sina, aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037, aliziweka katika kitabu chake kikubwa cha Ash-Shifaa. Maada, sura na ghaya ni maneno ambayo Kiswahili nacho kiliyapata kutoka Kiarabu, ingawa ghaya katika Kiswahili imebaki na maana ya upeo au kiasi cha mwisho, na sura imeegemea zaidi kwenye uso.

Sanamu na nyumba ni mifano tu, na Aristoteli anajua zinapoishia. Vyote viwili vinaanzishwa na kitu kilicho nje yao, jiwe halijichongi. Mti, kinyume chake, una chanzo cha badiliko ndani yake. Anaeleza hili kwa hoja aliyoichukua kwa Antifoni: mtu akizika kitanda cha mbao ardhini, na mbao zikioza hadi kuchipua, kitakachochipua ni mti, si kitanda. Umbo la kitanda lilibandikwa juu ya mbao, ilhali umbo la mti linafanya kazi humohumo. Ndiyo maana katika viumbe hai sababu ya pili, ya tatu na ya nne mara nyingi hukutana. Mbegu ya mzeituni inatoka kwa mzeituni, inakua kuwa na umbo la mzeituni, na kuwa mzeituni kamili ndilo lengo la kukua kwake. Katika nyumba mambo hayo matatu yanaonekana yametengana, moja kwenye karatasi ya mchoro, jingine mkononi mwa mwashi, jingine katika haja ya mwenye nyumba, na kwa sababu yametengana ni rahisi kuyaona. Hiyo ndiyo faida ya mfano huo, na pia ndiyo sababu unaweza kumdanganya msomaji akadhani kwamba kila lengo lazima liwe katika akili ya mtu.

Si kila tukio lina majibu yote manne. Katika Metafizikia Aristoteli anajaribu maswali yake kwa kupatwa kwa mwezi. Maada yake ni ipi? Hakuna, anajibu, mwezi ndio unaopatwa, lakini kupatwa hakukutengenezwa kwa mwezi kama sanamu ilivyotengenezwa kwa marumaru. Chanzo cha badiliko ni dunia, inayokingama na kuzuia nuru. Umbo ni maelezo ya tukio lenyewe, na maelezo "kukosa nuru" yanabaki na giza mpaka iongezwe "kwa kukingamwa na dunia". Na lengo? Aristoteli anasema pengine halipo.